Jinsi ya Kuandika Magazeti, Majarida na Habari za Mtandaoni Kwenye Marejeleo

Msomaji wa tasnifu yako akitaka kuthibitisha ulichonukuu gazetini, atakwenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, au maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street, aombe gazeti la siku fulani na alifungue ukurasa fulani. Akiikuta habari, rejeleo lako limefanya kazi yake. Akipewa gazeti ambalo halina habari hiyo, ataanza kutilia shaka hata yale uliyoyaandika sawasawa. Kila jambo ninaloeleza hapa linatokana na hilo: rejeleo ni maelekezo ya kumfikisha mtu mwingine kwenye ukurasa uleule ulioushika wewe.

Nitafuata mtindo wa APA, toleo la saba, kwa kuwa ndio wanafunzi wengi wa hapa huombwa na wasimamizi wao. Mwishoni nitagusia MLA na Chicago, maana mitindo hiyo hutofautiana na APA hasa kwenye tarehe na kurasa. Vichwa vya habari na viungo vya mifano nimevitunga kwa ajili ya zoezi tu, kwa hiyo usivitafute. Jina la mwandishi nimeliacha kuwa "Mwandishi, A. B." mahali pa jina la ukoo na herufi za kwanza za majina mengine.

Hatua ya kwanza: nakili kila kitu kabla hujalifunga gazeti

Makosa mengi ya marejeleo huanzia kwenye picha ya simu. Mtu hupiga picha ya habari aliyoitaka, akakata kingo ili maandishi yaonekane vizuri, kisha anaenda zake. Miezi mitatu baadaye anaketi kuandika marejeleo na kugundua kwamba picha haina tarehe, haina nambari ya ukurasa, na pengine hata jina la gazeti halipo. Kumbuka kwamba tarehe inayoonyeshwa na simu ni siku uliyopiga picha. Siku gazeti lilipochapishwa ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo piga picha mbili. Ya kwanza ichukue ukurasa mzima, kuanzia ukingo wa juu kabisa, mahali magazeti mengi huchapa jina la gazeti, siku, tarehe na nambari ya ukurasa. Ya pili iwe ya karibu kwa ajili ya kusoma. Habari ikiwa inaendelea ukurasa mwingine, upige picha nao pia, ukingo wa juu ukiwemo.

Jina la gazeti liandike kama lilivyochapishwa siku hiyo. Hapa Nairobi jambo hili huwatatiza wengi. Daily Nation ni gazeti la Jumatatu hadi Ijumaa. La Jumamosi ni Saturday Nation na la Jumapili ni Sunday Nation. Taifa Leo nalo lina Taifa Jumapili. Kwa hiyo rejeleo linalosema Daily Nation la tarehe 12 Machi 2023 lina kosa hata kabla ya kufungua gazeti, kwa sababu siku hiyo ilikuwa Jumapili. Ama jina si sahihi, ama tarehe. Mimi huona hii kuwa njia nyepesi kuliko zote ya kukagua orodha ya marejeleo: fungua kalenda ya mwaka husika kwenye simu, tazama kila tarehe iliangukia siku gani, kisha ulinganishe na jina la gazeti.

Magazeti ya zamani yanahitaji uangalifu zaidi. The Standard lilianza 1902 kule Mombasa likiitwa African Standard, na baadaye kwa miaka mingi lilijulikana kama East African Standard. Ukinukuu habari ya Desemba 1963, wakati wa uhuru, andika East African Standard, maana ndilo jina ambalo mtunza maktaba atalikuta juu ya gazeti lenyewe. Usilibadilishe ili lifanane na jina la leo.

Hatua ya pili: panga sehemu zake

Tuseme una Taifa Leo la Jumanne, 14 Machi 2023. Ukurasa wa kwanza una kichwa kikubwa, WAKAZI WALIA BEI YA UNGA IKIPANDA, na habari inaendelea ukurasa wa 4. Kwenye marejeleo itakuwa hivi:

Mwandishi, A. B. (2023, Machi 14). Wakazi walia bei ya unga ikipanda. *Taifa Leo*, 1, 4.

Mpangilio ni mwandishi, tarehe, kichwa cha habari, jina la gazeti, kurasa. Sehemu tatu za kwanza kila moja hufungwa kwa nukta. Kati ya jina la gazeti na kurasa huwekwa koma.

Tarehe ndiyo moyo wa rejeleo la gazeti, kwa sababu gazeti hutoka kila siku. Kitabu kinatosheka na mwaka. Gazeti lenye mwaka pekee linamwachia msomaji mamia ya nakala za kupekua. Mwaka hutangulia, koma, halafu mwezi kwa jina lake, kisha siku. Usiandike mwezi kwa nambari. Sisi tukiona 03/04/2023 tunasoma tarehe 3 Aprili, lakini programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itasoma Machi 4. Ukitumia Zotero, programu ya kupanga marejeleo, andika `2023-04-03` kwenye nafasi ya `Date`, nayo haitababaika.

Kichwa cha habari huandikwa kwa herufi ndogo, isipokuwa herufi ya kwanza na majina mahususi, hata kama gazeti limekichapa chote kwa herufi kubwa. Hakiwekewi alama za kunukuu wala mlazo. Kinacholazwa ni jina la gazeti. Vimaneno vidogo vilivyo juu au chini ya kichwa, vile vinavyofafanua habari kabla haijaanza, viache.

Kurasa zikiwa zimerukana, ziandike kwa koma: 1, 4. Zikifuatana, tumia kistari: 6–7. Kwenye orodha ya marejeleo ya APA toleo la saba, nambari ya ukurasa wa gazeti haitanguliwi na "uk." Toleo la sita lilitaka kifupisho, na ndiyo maana tasnifu za zamani ambazo wengi huzitumia kama kielelezo zinacho. Usichanganye. Ukikiweka kwa mmoja na kukiacha kwa mwingine, msimamizi atajua ulinakili kutoka sehemu mbili.

Hatua ya tatu: mwandishi ni nani hasa?

Habari nyingi zina jina la mwandishi, na zenye waandishi wawili huandikwa kwa kufuata mpangilio wa gazeti lenyewe. Ugumu huja kwenye habari zilizoandikwa "Na Mwandishi Wetu". Hilo si jina la mtu, na ukilipeleka mwanzo wa rejeleo utajaza marejeleo yenye mwandishi mmoja wa uongo aliyeandika kila kitu mjini. Chukulia kwamba mwandishi hakutajwa, na kichwa cha habari kisogee mbele kichukue nafasi yake:

Wakazi walia bei ya unga ikipanda. (2023, Machi 14). *Taifa Leo*, 1, 4.

Ndani ya matini utaandika ("Wakazi walia," 2023), yaani maneno ya kwanza ya kichwa ndani ya alama za kunukuu, yakitosha kumwelekeza msomaji kwenye orodha.

Habari iliyoandikwa "Na AFP" au "Na Reuters" ni tofauti. Hayo ni mashirika ya habari yanayojulikana na yanawajibika kwa habari hiyo, basi yanaweza kukaa kama mwandishi: AFP. (2023, Machi 14). Gazeti linabaki mahali pake, maana ndimo ulimosoma.

Hatua ya nne: sehemu ya gazeti

Wengi hufikiri kwamba kila jina la sehemu, kama vile Habari za Kitaifa, Makala au Michezo, linapaswa kuingia kwenye rejeleo. Kwa APA, kwa kawaida haliingii. Nambari ya ukurasa inatosha, maana gazeti lenye hesabu moja ya kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho lina ukurasa wa 22 mmoja tu, uwe wa michezo au wa biashara.

Zipo hali mbili ambapo sehemu ni muhimu. Ya kwanza ni gazeti linalohesabu kurasa kwa herufi na nambari, kama A1 au B6. Herufi hiyo ndiyo sehemu, nayo haitenganishwi na nambari. Ya pili ni jarida la ndani, lile linalowekwa katikati ya gazeti la mwisho wa wiki na kuanza hesabu yake ya kurasa upya. Hapo gazeti moja lina kurasa mbili za 6, na msomaji anaweza kufungua ule usio wako. Taja jina la jarida hilo la ndani kabla ya ukurasa:

Mwandishi, A. B. (2023, Machi 11). Kulea watoto jijini. *Saturday Nation*, Saturday Magazine, 6.

Tazama kama kweli kurasa zinaanza upya kabla ya kufanya hivyo. Kama zinaendelea na hesabu ya gazeti, jina la sehemu halina kazi.

Jambo jingine ambalo watu hulifananisha na sehemu ni aina ya maandishi. Tahariri ni msimamo wa gazeti lenyewe. Barua ya msomaji ni maoni ya raia mmoja. Ukiviacha vyote vionekane kama habari, unamdanganya msomaji kuhusu uzito wa ushahidi wako. APA inaruhusu maelezo ndani ya mabano ya mraba mara tu baada ya kichwa, kabla ya nukta:

Unga si anasa [Tahariri]. (2023, Machi 15). *Taifa Leo*, 8.

Mwandishi, A. B. (2023, Machi 16). Serikali isikie kilio chetu [Barua kwa mhariri]. *Taifa Leo*, 9.

Mimi ningesisitiza hili hata pale msimamizi asipoliuliza. Tasnifu inayosema "gazeti liliripoti" huku chanzo chake ni barua ya msomaji ina dosari ya hoja, licha ya dosari ya marejeleo.

Hatua ya tano: habari ya mtandaoni

Kanuni ya kwanza: nukuu ile uliyoisoma. Ukisoma habari tovutini usiweke nambari ya ukurasa uliyoambiwa na rafiki, na ukisoma karatasi usitafute kiungo ili rejeleo lionekane la kisasa. Matoleo haya mawili mara nyingi hayafanani. Habari inaweza kupandishwa tovutini Jumatatu usiku na kuchapishwa Jumanne asubuhi, kichwa kikiwa kimefupishwa ili kienee safu na aya mbili za mwisho zikiwa zimekatwa. Ukichukua tarehe ya tovuti na ukurasa wa karatasi, umetengeneza kitu ambacho hakipo popote.

Habari ya mfano wetu ikisomwa tovutini itakuwa hivi:

Mwandishi, A. B. (2023, Machi 13). Wakazi wa Nairobi walia bei ya unga ikipanda tena. *Taifa Leo*. https://taifaleo.nation.africa/wakazi-walia-bei-ya-unga/

Jina la gazeti limefungwa kwa nukta, kiungo kimefuata, na baada ya kiungo hakuna nukta. Nukta hiyo ikibandikwa hapo, baadhi ya programu huihesabu kuwa sehemu ya anwani na ukurasa haufunguki.

Tovuti nyingine huonyesha tarehe mbili: ya kuchapishwa na ya kusasishwa. Maandishi uliyoyasoma ndiyo yaliyosasishwa, hivyo tumia tarehe ya kusasishwa. Siku uliyoisoma haihitajiki kwenye APA kwa habari za kawaida. Huongezwa tu kwa kurasa zinazobadilika kila mara bila kuhifadhi toleo la awali.

Chombo ambacho si gazeti kina utaratibu wake. BBC Swahili, kwa mfano, ni tovuti ya shirika la utangazaji, kwa hiyo mlazo unahamia kwenye kichwa na jina la chombo linabaki wima:

Mwandishi, A. B. (2023, Machi 13). *Kwa nini bei ya mahindi inapanda Afrika Mashariki?* BBC Swahili. Kisha kiungo.

Ukijiuliza mlazo uende wapi, uliza kama chombo hicho ni gazeti au jarida. Kama ndiyo, laza jina lake. Kama ni kituo cha redio, televisheni au tovuti tu, laza kichwa.

Sasa kiungo chenyewe. Ukikinakili kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp au Facebook, mara nyingi kinakuja na mkia mrefu unaoanza kwa alama ya kuuliza:

```
https://taifaleo.nation.africa/wakazi-walia-bei-ya-unga/?utm_source=whatsapp&fbclid=IwAR0
```

Mkia huo unawaambia wenye tovuti umetokea wapi, wala hauhusiki na habari. Futa kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho, kisha fungua kilichobaki kwenye dirisha jipya. Habari ikifunguka, umemaliza. Isipofunguka, tovuti hiyo inatumia mkia kutambua ukurasa, basi urudishe na uondoe tu vipande vinavyoanza na `utm_` au `fbclid`.

Viungo hufa, na hapa Nairobi tunao mfano wa wazi. Daily Nation lilikuwa kwenye nation.co.ke hadi lilipohamia nation.africa mwaka 2020, na Taifa Leo, lililokuwa taifaleo.co.ke, nalo sasa liko kwenye anwani nyingine. Tasnifu za kabla ya hapo zimejaa anwani za zamani. Ukikutana na kiungo cha namna hiyo, kwanza tafuta kichwa kamili cha habari kwenye tovuti mpya. Usipokipata, bandika kiungo cha zamani kwenye web.archive.org uone kama nakala ilihifadhiwa. Na kwa vyanzo vyako mwenyewe, usingoje vife: siku unaposoma habari, ihifadhi kupitia `https://web.archive.org/save`. Utapata kiungo cha namna hii:

```
https://web.archive.org/web/20230313220500/https://taifaleo.nation.africa/wakazi-walia-bei-ya-unga/
```

Tarakimu zile 14 ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde za kuhifadhiwa. Saa hiyo ni ya UTC, nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, kwa hiyo nakala hii iliyohifadhiwa saa saba na dakika tano usiku wa kuamkia Machi 14 kwa saa zetu inaonyesha Machi 13. Hilo lisikutie wasiwasi, na usilitumie kama tarehe ya rejeleo. Ndani ya mabano inaendelea kukaa tarehe ambayo gazeti lenyewe limeitaja.

Picha za kurasa za mbele zinazosambazwa mitandaoni usizinukuu kabisa mpaka uone gazeti lenyewe. Kurasa bandia hutengenezwa, hasa majira ya siasa, zikiwa na nembo sahihi na tarehe sahihi. Nakala ya kidijitali inayouzwa na gazeti lenyewe, yenye kurasa zilezile za karatasi, ni chanzo halali na huandikwa kama karatasi, pamoja na nambari za kurasa.

Majarida

Jarida hufuata mpangilio wa gazeti, na juzuu pamoja na nambari ya toleo huongezwa kama vimechapwa. Jarida la kila mwezi lina mwezi bila siku. La kila wiki, kama lilivyokuwa Weekly Review la Hilary Ng'weno lililoanza 1975, linahitaji tarehe kamili.

Mwandishi, A. B. (2023, Machi). Kichwa cha makala. *Jina la Jarida*, *12*(3), 18–20.

Kumi na mbili ni juzuu na imelazwa, tatu iliyo ndani ya mabano ni toleo na haikulazwa, halafu kurasa. Ukikosa juzuu, usibuni kwa kuhesabu miaka tangu jarida lianze.

Ndani ya matini na kwenye orodha

Ndani ya matini mwaka unatosha: (Mwandishi, 2023). Ukinukuu maneno yenyewe ya karatasi, ongeza ukurasa, na hapa "uk." inatumika: (Mwandishi, 2023, uk. 4). Habari ya tovutini haina ukurasa, basi hesabu aya na uandike "aya ya 5".

Mwandishi mmoja wa gazeti anaweza kukupa habari sita za mwaka mmoja. Zipange kwenye orodha kwa kufuata tarehe, ya zamani ikitangulia, kisha uzipe herufi: (2023a, Machi 14), (2023b, Mei 2). Herufi hizo ndizo zitakazotumika ndani ya matini. Zigawe mwisho kabisa, orodha ikiwa imekamilika, maana ukiongeza habari ya Januari baadaye itabidi ubadilishe zote.

Msimamizi akitaka mtindo mwingine

MLA huweka kichwa ndani ya alama za kunukuu, na tarehe huja baada ya jina la gazeti, siku ikitangulia: 14 Machi 2023. Ukurasa hutanguliwa na kifupisho, na habari iliyoruka kutoka ukurasa wa 1 hadi wa 4 huandikwa 1+.

Mwandishi, A. B. "Wakazi Walia Bei ya Unga Ikipanda." *Taifa Leo*, 14 Machi 2023, uk. 1+.

Chicago hushauri nambari ya ukurasa wa gazeti iachwe, kwa kuwa gazeti lenye matoleo kadhaa ya siku moja linaweza kuihamisha habari kutoka ukurasa hadi ukurasa. Bado nakili ukurasa kwenye daftari lako hata ukiandika kwa Chicago. Msimamizi akibadilisha mtindo wiki ya kukabidhi kazi, hutalazimika kurudi maktabani.